Cheni ya Shingoni: Bapa, Kamba au Nyoka?

Kwa mkazi wa Kibaha au Kisarawe anayepanda daladala kila siku kwenda Dar es Salaam, cheni ya shingoni ni pambo na pia ni akiba. Siku ada ya shule inapodaiwa, cheni hupelekwa kwa sonara na kurudi nyumbani ikiwa fedha taslimu. Ikikatika bila mwenyewe kujua kati ya Maili Moja na Mbezi, akiba yote imekwenda na vumbi. Kwa hiyo mnunuzi akishauliza bei ya gramu, kuna swali la pili asiloweza kulikwepa: cheni hii imesukwaje?

Katika makabati ya masonara mitindo mitatu huonekana zaidi. Wa kwanza ni cheni bapa. Pete zake zimepindwa kidogo kisha zikabanwa, hivyo zinalala tambarare shingoni, na kila pete imefungwa kwa lehemu. Wa pili ni cheni ya kamba, ambayo pete zake ndogo nyingi zimepishanishwa na kuzungushwa mfano wa kamba ya katani. Wa tatu ni cheni ya nyoka. Hii imetengenezwa kwa vipande vidogo vilivyoshikana sana, haionyeshi tundu, na inateleza mkononi kama ngozi ya nyoka.

Tuchukue mfano wa mama anayetoa mihogo na ndizi Kisarawe kupeleka sokoni Dar es Salaam. Ana fedha za kununua cheni ya gramu 8, dhahabu ya karati 18, urefu sentimita 50. Anataka kuivaa kila siku, mtoto akiwa mgongoni na kanga ikiwa begani. Amewekewa cheni tatu mbele yake, zote uzito mmoja.

Aanze na ile bapa. Kwa kuwa pete zake ni chache kuliko za kamba, gramu zile 8 zimegawanyika katika waya mnene zaidi, na waya mnene ndio nguvu. Mtoto akiivuta, mvuto unapita kutoka pete hadi pete. Cheni ikizidiwa, mara nyingi inayoachia ni ile pete ndogo inayoshika kifungio. Hapo sonara hubadilisha pete moja tu, kazi ikaisha. Hata ikikatika katikati, pete iliyofunguka hurudishwa na kulehemiwa, na alama yake ni shida kuiona. Kukunjika hakuipati, maana kila pete ina nafasi ya kugeuka. Udhaifu wake ni kusuguana. Miaka ikipita, sehemu ya ndani ambako pete hugusana hulika na kuwa nyembamba. Dalili yake ni cheni kurefuka. Ipime kwa rula siku ya kuinunua na uandike urefu. Ikiongezeka hata nusu sentimita, ipeleke ikaguliwe kabla haijakatika.

Cheni ya kamba ina hesabu nyingine. Ikiwa imejaa, yaani waya wake si mtupu ndani, ni imara sana, kwa sababu kila mahali nyuzi kadhaa zinagawana mzigo. Inaweza kubeba pambo la kuning'inia bila taabu. Lakini kamba iliyojaa huhitaji dhahabu nyingi, na kwa gramu 8 itatoka nyembamba. Muuzaji akikuonyesha kamba nene inayong'aa kwa uzito huohuo, basi ni tupu ndani. Kamba tupu hubonyea ikigongwa, na ikikatika sonara hupata shida kuilehemu, kwani moto hutoboa ukuta wake mwembamba. Jambo la kuchunguza ni msokoto. Lehemu moja ikiachia, sehemu ile hulegea au hukakamaa, na mistari ya msokoto haiendi sawa tena. Pia mianya ya kamba hunasa nywele za kisogoni na nyuzi za mtandio, na hukusanya jasho na vumbi. Katika joto letu la Pwani inataka kuoshwa mara kwa mara kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki laini.

Cheni ya nyoka ndiyo inayopendeza zaidi kwa macho, na ndiyo iliyowaliza wengi. Ikizungushwa kidoleni taratibu haidhuriki. Ikikunjwa kwa ghafla kama karatasi, vipande vyake vilivyobanana huumana kingo na kupinda, na kunjo hilo hubaki. Kuinyoosha kwa mkono hakusaidii, kunaacha nundu au mstari, na mahali hapo ndipo itakapokatikia baadaye. Kwa mama wetu kunjo linaweza kutokea usiku mmoja tu akilala nayo, au mtoto akiishika ngumini. Matengenezo nayo ni magumu. Lehemu ikiyeyuka hupenya kwenye nafasi nyembamba na kugandisha vipande vya jirani, ndipo unapata sehemu ngumu isiyopinda. Tena pambo zito lenye tundu jembamba huilazimisha kukunjwa kifuani, palepale linaponing'inia.

Sasa upande wa akiba. Gramu 8 za karati 18 zina dhahabu halisi gramu 6, kwa sababu karati 18 ni sehemu 750 katika 1,000. Siku ya kuuza, sonara atalipia dhahabu hiyo kwa bei ya siku. Ujira wa kusuka ulioulipa ukinunua haurudi. Kwa hesabu hiyo mitindo yote mitatu ni sawa kwenye mzani. Tofauti ni kwamba bapa itafika siku hiyo ikiwa bado inavalika, na nyoka iliyokunjika itakuwa ni ya kuyeyushwa tu.

Kabla ya kulipa, mnunuzi afanye mambo matatu mbele ya muuzaji. Atafute alama ya 750 karibu na kifungio, na mzani anaopimiwa uwe umehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Aipitishe cheni yote polepole juu ya kidole, akisikiliza mahali penye ukakasi au ugumu. Kisha aulize waziwazi kama imejaa au ni tupu, na jibu liandikwe kwenye risiti pamoja na uzito.

Wanaonunua cheni za shaba zilizochovywa dhahabu wafuate mpangilio huohuo wa uimara, lakini wakumbuke kuwa rangi huanza kutoka pale pete zinaposuguana, na moto wa kulehemu huichoma. Hizo si akiba.

Ushauri kwa mama wa Kisarawe ni huu: bapa iliyojaa kwa kazi za kila siku. Kamba aichukue ikiwa imejaa tu, na akubali wembamba wake. Nyoka ni ya arusi na Idi, bila pambo la kuning'inia. Aivue kabla ya kulala na kuitundika kwenye msumari wenye kichwa kinene, asiifungie kwenye pindo la kanga.