Hesabu maneno mia moja mbele ya kusoma Kifaransa

Bantu mingi ku mugodi wanatia sinyatire ku karatasi ya Kifaransa bila kusikia maana yake muzuri. Jirani yetu mumoja alichoka na ile haya, akaamua kusoma gazeti kila jioni. Alianza na habari ya siasa, diksionere pembeni. Safu moja ilimukamata saa nzima. Siku ya tatu akaacha.

Tukakaa naye, tukahesabu maneno mia moja ya ile habari. Hakujua 13. Njo kusema, karibu kila mustari ulikuwa na shimo, na maneno ya pembeni hayakuweza kumwonyesha maana juu nayo hakuyajua.

Tukageuza ukurasa, tukafika ku habari ya mupira ya TP Mazembe. Katika maneno mia moja, mawili tu yalimushinda. Mukipo ilikuwa nyuma bao moja kwa sifuri, kiisha likaja neno asilolijua, kiisha mambo yakawa moja kwa moja. Akasema mwenyewe: "Aa, ile neno ni kusawazisha!" Hakufungua diksionere.

Mu mwaka 2000, watafiti Hu na Nation walipima jambo hili kwa wasomaji wa Kiingereza. Waliona kama wengi wanahitaji kujua maneno karibu 98 katika 100 ili wasikie hadisi bila musaada. Basi fanya hivi: hesabu maneno mia moja, kunja kidole kwa kila neno usilolijua. Kidole kimoja ao viwili, soma peke yako. Vitatu mupaka vitano, soma na mutu wa kukusaidia. Kupita hapo, weka kwanza pembeni. Kama kurasa tatu zinapita bila kukunja hata kidole, panda kidogo, juu hapo hauongezi maneno.

Neno halibaki mu kichwa kwa kulikuta mara moja. Kwa wengi linaomba kurudi mara kumi ao kupita, siku mbalimbali. Ndiyo sababu jirani yetu alibaki na mupira kwa miezi miwili: maneno yale yale yalikuwa yanarudi. Lile lililorudi mara tatu bila kufunguka, njo alilitafuta mu diksionere. Kiisha kila habari, alimwelezea bibi yake kwa Kiswahili. Akikwama, alijua ukurasa ulikuwa mugumu.

Maneno ya mupira hayafungui kontra. Kwa hiyo mwezi wa tatu alihamia habari za ajali na kazi, akahesabu tena: vidole vinne. Mutoto wake wa sekondari alikaa naye. Ile karatasi ya kazi bado inamupa vidole saba. Lakini sasa, mbele ya kutia sinyatire, anajua ni maneno gani saba ya kuuliza.