Injini Tatu na Mizani ya Clausius

Tuseme umeletewa michoro ya injini tatu za joto. Kila moja, katika mzunguko mmoja, inachota kilojuli 800 za joto kwenye boila yenye nyuzi 527 za Selsiasi, na kumwaga joto lisilotumika kwenye maji ya mto yenye nyuzi 27. Ya kwanza inamwaga kilojuli 480, ya pili 300, ya tatu 250. Zinazobaki zinageuka kazi. Kwa hesabu ya nishati peke yake zote ziko sawa, maana hakuna kilojuli iliyozuka wala kutoweka. Hata hivyo moja kati yake haiwezi kuwepo.

Kipimo cha kuitambua kilitokana na kazi ya mwanafizikia Mjerumani Rudolf Clausius, katikati ya karne ya 19. Kila joto linapoingia au kutoka kwenye mashine, gawanya kiasi chake kwa halijoto ya pale linapopitia. Linaloingia lijumlishe, linalotoka litoe. Mzunguko ukikamilika, jibu haliruhusiwi kuzidi sifuri.

Halijoto iwe ya kelvini, kwa hiyo tunaongeza 273 na kupata 800 kwa boila na 300 kwa mto. Joto linaloingia linatoa 800 ÷ 800, yaani 1, kwa injini zote.

Injini ya kwanza: 1 − 480/300 = −0.6. Jibu liko chini ya sifuri, hivyo inawezekana. Upungufu huo ni alama ya msuguano, au ya joto lililoporomoka kutoka penye moto hadi penye baridi bila kufanya kazi.

Ya pili: 1 − 300/300 = 0. Huu ni mzunguko unaoweza kurudishwa nyuma: ukitumia kilojuli 500 za kazi iliyozalisha, utachota 300 mtoni na kurejesha 800 kwenye boila, kila kitu kikawa kama mwanzo. Mashine halisi huukaribia tu, kwa kuwa ungedai mwendo wa polepole mno usio na msuguano wowote.

Ya tatu: 1 − 250/300 = +0.17. Haiwezekani.

Jihadhari na kosa moja. Ukiacha nyuzi za Selsiasi, injini ya tatu inatoa 800/527 − 250/27, ambayo ni hasi, na mashine isiyowezekana inapita kama halali.

Wala vyuma bora au mafuta laini zaidi havitaiokoa injini hiyo. Kwa halijoto hizi, ni lazima imwage angalau kilojuli 300. Ili 250 zitoshe, boila ingepaswa kufikia kelvini 960, yaani nyuzi 687 za Selsiasi, na hata hapo ingekuwa kwenye kikomo chenyewe, bila nafasi ya msuguano hata kidogo.