Mtaala usioandikwa: Somo linaloanza kabla ya kipindi cha kwanza

KENGELE ya asubuhi inapogongwa katika shule ya msingi, wanafunzi huacha michezo na kukimbilia mstarini. Hupangwa kwa madarasa, huimba wimbo wa taifa, hukaguliwa kucha na sare, kisha husikiliza kimya matangazo ya mwalimu wa zamu. Hakuna daftari lililofunguliwa, lakini somo limekwisha kuanza.

Somo hilo ndilo wataalamu wa elimu huliita mtaala uliofichika, jina alilolitumia Mmarekani Philip Jackson mwaka 1968 baada ya kuchunguza maisha ya kila siku darasani. Alieleza kwamba mtoto hafaulu kwa kujua hesabu pekee, bali pia kwa kujifunza kuishi katika kundi, kusubiri zamu yake na kukubali kupimwa na mwenye mamlaka. Mwaka 1976, wachumi Samuel Bowles na Herbert Gintis walidai kuwa utaratibu huo humwandaa mtoto kwa ngazi za amri atakazozikuta kazini.

Mfano wa karibu ni uchelewaji. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anaweza kufika kituoni alfajiri, lakini makondakta wa daladala wakamkatalia kupanda kwa kuwa nauli yake ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Akifika shuleni dakika kumi baada ya kengele, humkuta kiranja langoni akiandika majina. Orodha hukabidhiwa kwa mwalimu wa zamu, na mtoto huadhibiwa kwa viboko au kwa kufagia uwanja wakati wenzake wako katika kipindi cha hisabati.

Hapo mtoto hujifunza mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, saa ina uzito kuliko sababu. Pili, mwenzake wa rika moja anaweza kuwa na madaraka juu yake kwa niaba ya wakubwa. Tatu, kujieleza huonekana kuwa ni kubisha. Hisabati, iliyomo katika ratiba, ndiyo anayoikosa.

Si kwamba utaratibu hauna faida. Darasa lenye watoto wengi haliwezi kufundishwa bila utulivu, na kuwahi ni tabia njema. Tatizo huanza pale utii unapochukua nafasi ya kufikiri. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitaka shule zijenge akili yenye kudadisi. Mtoto aliyezoea kunyamaza hawezi kuupata udadisi huo kwa kuusoma ubaoni.

Mzazi anayetaka kujua shule ya mwanawe inafundisha nini zaidi ya vitabu anaweza kumwuliza maswali mawili: leo nani aliuliza swali darasani, na aliyechelewa aliulizwa sababu kabla ya kuadhibiwa?