Ukikata Picha ya Gari, Angalia Vioo na Kivuli

Dalali akitumiwa picha ya Toyota IST ya rangi ya fedha iliyopigwa uani, mara nyingi hutumiwa pamoja na kamba ya nguo, bajaji ya jirani na shina la mwembe lililotokeza juu ya paa. Ndiyo maana gari hukatwa, likawekwa peke yake mbele ya rangi moja tupu kabla ya kupandishwa kwenye tangazo. Wengi humaliza nguvu zao kwenye ukingo wa bodi. Kumbe kinachofichua kazi ya ovyo ni vioo, na sehemu tairi linapokanyaga ardhi.

Tuichukue IST hiyo tuifanyie kazi. Kwanza ipigwe vizuri, asubuhi au siku ya mawingu, kwa sababu jua la saa sita huunguza boneti na kutia weusi mzito chini ya gari. Simama umbali wa mita saba hivi, kamera iwe usawa wa taa za mbele, kisha vuta kwa zumu. Ukisogea karibu na simu, bampa ya mbele huvimba na sehemu ya nyuma hunywea, na hilo halirekebishwi kwa kukata.

Programu ya GIMP ni ya bure na inatosha. Chagua zana ya Paths, kuza picha hadi asilimia 200, kisha bofya kwenye pembe ya bampa kuweka kituo cha kwanza. Weka kituo kingine pale mkunjo unapobadilika. Ukibofya huku ukiburuta, mstari unapinda. Vituo vikiwa vichache, mstari huwa laini. Vikizidi, paa linaingia mawimbi. Pitisha mstari pikseli moja au mbili ndani ya ukingo, kwani pikseli za mpakani zimechanganya rangi ya gari na ya majani. Ukizibeba, gari litazungukwa na uzi wa kijani. Kata pia uwazi ulio kati ya saiti mira na mlango, na usibebe ukanda wa udongo ulio chini ya milango.

Mstari ukishafunga, bonyeza Selection from Path, lainisha ukingo kwa pikseli moja kupitia Select > Feather, halafu nenda Layer > Mask > Add Layer Mask na uchague Selection. Maski haifuti kitu, inaficha tu: ukipaka nyeupe sehemu inarudi, ukipaka nyeusi inapotea. Kwa hiyo kosa linasahihishika. Ili uone mabaki, weka leya nyekundu chini ya gari kwa muda. Kila uzi uliobaki utajitokeza.

Sasa vioo. Kupitia madirisha ya IST mwembe bado unaonekana, na gari lenye mti ndani yake juu ya weupe humshtua mtazamaji hata asipojua sababu. Usikitoboe kioo chote, maana gari litaonekana halina vioo. Zungushia eneo la kioo peke yake, ukiacha viti, usukani na nguzo za milango. Bofya picha yenyewe, si maski, upunguze rangi mpaka kijani kiwe kijivu. Kisha rudi kwenye maski upake eneo hilo kijivu cha kati, ili weupe wa nyuma upenye kidogo. Mng'ao ulio juu ya kioo uuache, ndio unaoonyesha kuwa kioo kipo.

Bila kivuli, gari linaelea. Tengeneza leya mpya chini ya gari upake vivuli viwili. Cha kwanza ni chembamba na cheusi, pale tu tairi linapogusa ardhi; kwenye picha ya pikseli 2000 kwa upana, kififishe kwa Gaussian Blur ya pikseli nne hivi. Cha pili kitanuke chini ya bodi yote, kififishwe kwa pikseli 30, na uzito wake ushuke hadi asilimia 35. Kama ubavu wa kulia wa gari ndio unaong'aa, kivuli kiegemee kushoto.

IST nyeupe isiwekwe juu ya nyeupe, kwani paa litayeyuka. Itumie kijivu hafifu. Ukimaliza, hifadhi kazi kwa XCF, na nakala ya tangazo iwe JPEG.

Mkwaruzo wa mlango na bonde la bampa usiviguse. Umepewa ruhusa ya kuondoa ua, si kubadilisha gari, na mnunuzi atakayeona kasoro mara ya kwanza siku ya ukaguzi ana haki ya kutilia shaka hata injini. Weka picha iliyokatwa iwe ya kwanza kwenye tangazo, na baada yake picha za kawaida za pande zote nne, ndani na buti, zilizoachwa kama zilivyopigwa.