Pesa Hazihesabiki?

Zoezi lenyewe huwa ni sentensi fupi zenye mapengo, na juu yake maneno manne ya kuchagua: much, many, few, little. Kanuni inasomeka kirahisi. Many na few huenda na nomino zinazohesabika, much na little huenda na zisizohesabika. Maji, mchele na mchanga havimsumbui mtu. Balaa linaanzia kwenye money. Mwenye duka anahesabu noti kila jioni. Iweje pesa zisihesabike?

Ni kwa sababu Kiingereza hakitazami kitu, kinatazama neno. Je, linakubali namba mbele na s nyuma? Three shillings inasemwa, three moneys haisemwi. Basi ni many shillings lakini much money, ingawa noti ni zilezile. Furniture, luggage, advice na information ziko kundi hilohilo. Sisi Kiswahili kimetuzoesha vingine: -ingi ni moja tu, inafuata ngeli, na viti vingi, samani nyingi na maji mengi yote yanapita. Ndiyo maana many furnitures na many informations hututoka bila kusita.

Chukua sentensi hii: There isn't ___ furniture here, how ___ chairs do you need? Furniture haina s, na kitenzi kilichotangulia ni isn't, cha umoja: pengo la kwanza ni much. Chairs ni wingi: la pili ni many. Ila s peke yake hudanganya. News inayo, lakini husemwa the news is, kwa hiyo ni much news. Children haina, lakini husemwa the children are, kwa hiyo ni many children. Ukitilia shaka, tazama kitenzi.

Penye few na little, wengi hupata kundi sawasawa kisha wakaangushwa na kiherufi a. We have a little sugar: ipo, chai itapikwa. We have little sugar: ni kama haipo, aende mtu dukani. Kwetu zote mbili zaweza kuwa “tuna sukari kidogo”, sauti ikamaliza kazi. Kwenye karatasi hakuna sauti, kwa hiyo dalili itafute katika sehemu nyingine ya sentensi. He was lonely because he had ___ friends: lonely ni mpweke, basi ni few. Don't hurry, we have ___ time: anaambiwa asiharakishe, basi ni a little.

Time nayo ina vituko vyake. Ikiwa muda, ni much time. Ikiwa mara, ni many times. Na coffee, isiyohesabika ikiwa kwenye kopo, mgahawani huagizwa two coffees, yaani vikombe viwili, na hakuna mhudumu atakayekusahihisha.