Mbele ya Bango: Maswali Yanayomtofautisha Aliyeelewa na Aliyekariri

Nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro ziliumbwa na volkano, na miamba ya volkano hutia floraidi katika maji ya visima na chemchemi nyingi za ukanda huu. Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floraidi. Mtoto anayekunywa maji yenye kiasi kikubwa zaidi katika miaka ambayo meno yake ya utu uzima yanajengeka, hutokewa na madoa ya kahawia yasiyoosheka. Na kiasi kikizidi sana kwa muda mrefu, mifupa nayo huumia. Si ajabu basi kwamba mwanafunzi wa sekondari wa ukanda huu, akitakiwa kuandaa mradi wa maonesho ya sayansi kama yale ya Wanasayansi Chipukizi Tanzania, yaani YST, afikirie chujio la mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe hupatikana kwa urahisi, na njia yenyewe imetafitiwa kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha.

Kwa sababu hiyo hiyo, maelezo ya chujio hili yanaweza kunakiliwa na kukaririwa. Mwalimu, mganga au ofisa wa maji anayealikwa kuwa jaji husimama mbele ya bango kwa dakika chache tu. Tuchukue bango moja la kubuni, tuone ni maswali gani yatamsaidia.

Bango letu linasema hivi: maji yenye miligramu 6 za floraidi kwa lita yalipitishwa katika ndoo yenye kilo 5 za mkaa wa mifupa, yakatoka na miligramu 1 kwa lita. Familia hutumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia. Mkaa ubadilishwe kila baada ya siku 100.

Jaji akisema, "Hebu nielezeni mradi wenu," atasikia hotuba iliyoandaliwa, na hotuba hiyo haitamwambia lolote kuhusu uelewa. Inafaa aisikilize kwa heshima, kisha abadilishe kitu kimoja katika jaribio na kuuliza matokeo yatakuwaje.

Swali la kwanza: "Kama mngetumia mkaa wa miti badala ya mkaa wa mifupa, ingekuwaje?" Aliyekariri hulishika neno "mkaa" na kujibu kuwa mkaa hufyonza uchafu, kwa hiyo wowote ungefaa. Aliyeelewa atasema kuwa mkaa wa miti usingeondoa floraidi kwa kiasi cha maana, kwa kuwa kinachofanya kazi hapa ni madini ya mfupa yaitwayo haidroksiapataiti. Madini haya yana nafasi ambazo ioni za floraidi huingia na kushikiliwa, na weusi wa mkaa hauna sehemu kubwa katika kazi hiyo. Jaji anaweza kuendelea: "Mbona basi mifupa huchomwa?" Mfupa ambao haukuungua vya kutosha hubaki na mafuta na nyama, na maji hunuka. Ukichomwa kupita kiasi hadi kuwa mweupe kama chokaa, vinyweleo vyake hujifunga na uwezo wake wa kushika floraidi hupungua. Mwanafunzi aliyechoma mifupa mwenyewe huwa na la kusimulia hapa: tanuri lilikuwaje, vipande vingapi vilitupwa, harufu ilikuwaje.

Swali la pili linaihusu ile namba 100. "Chujio hili likipelekwa kwenye kijiji chenye miligramu 11 kwa lita, familia ikitumia maji kiasi kile kile, litadumu siku ngapi?" Jibu haliko kwenye bango, ila vya kulijengea vipo. Ikiwa kila gramu ya mkaa hushika takribani miligramu 2, basi kilo 5 hushika miligramu 10,000. Katika maji ya kwanza kila lita iliacha miligramu 5, hivyo chujio lilitosha lita 2,000, ambazo kwa lita 20 kwa siku ni siku 100. Katika kijiji cha pili kila lita itaacha miligramu 10 ili yabaki maji yale yale ya miligramu 1. Lita zitakuwa 1,000 na siku 50. Uwezo wa mkaa hubadilika kidogo kulingana na maji, kwa hiyo hesabu hii ni makadirio. Mwanafunzi akisema tu, "Karibu nusu, kwa sababu mkaa utajaa mapema," amekwisha kufaulu. Yule anayesisitiza siku 100 kila mahali anairudia namba bila kujua ilikotoka. Na namba hiyo ina uzito: floraidi haina rangi wala ladha katika viwango hivi, kwa hiyo familia itaendelea kuliamini chujio lililokwisha kujaa.

Swali la tatu hutafuta mpaka wa dai. "Familia hii inakunywa maji ya chujio lenu, lakini inapika maharage kwa magadi. Je, watoto wamekingwa?" Magadi ya kienyeji, kama yanayochotwa kandokando ya maziwa ya chumvi ya bonde la ufa, yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Aliyekariri husema ndiyo, kwani bango limesema maji ni salama. Aliyeelewa husita, kisha husema kuwa walipima maji pekee, na chakula ni njia nyingine ya floraidi. Huyo anajua alichopima na asichopima. Swali la kuchemsha maji hufanya kazi hiyo hiyo: lita 10 zenye miligramu 3 kwa lita, zikichemshwa hadi kubaki lita 8, zitakuwa na miligramu 3.75 kwa lita, maana maji hutoka kama mvuke na floraidi hubaki chunguni.

Jaji naye anaweza kukosea, na kosa lake la kawaida ni kupima lugha akidhani anapima sayansi. Mtoto wa Karatu huenda anazungumza Kiiraqw nyumbani, alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa anafundishwa sayansi kwa Kiingereza. Sentensi za Kiingereza zilizonyooka mara nyingi ndizo zilizokaririwa, ilhali kigugumizi chaweza kuwa dalili ya mtu anayefikiri. Mruhusu ajibu kwa lugha anayoiweza, mpe kalamu achore, kisha nyamaza kwa muda wa kutosha. Wakiwa wawili, muulize kila mmoja swali lake, maana mara nyingine mmoja alifanya jaribio na mwingine alipewa kazi ya kusema.

Jibu la "sijui" nalo lipimwe vizuri. Mwulize, "Ungefanya nini ili ujue?" Akisema angechukua maji yale yale, ayagawe katika ndoo mbili, moja iwe na mkaa wa mifupa na nyingine mkaa wa miti, kisha apime zote mbili, amejibu vema kuliko aliyebahatisha jibu sahihi. Siku atakaporudi nyumbani, mama yake atamwuliza kama ndoo ile bado inafaa, na bango halitakuwapo la kusomea.