Kilo Zinazokimbia

Mchezaji wa pembeni katika raga ya wachezaji saba, mwenye kilo 80, akiongeza kilo nzima kila wiki, sehemu kubwa huwa mafuta, na mafuta hayamsukumi mbele. Gramu 200 hadi 400 kwa wiki zinamtosha.

Hahitaji sinia la pili la ugali. Glasi mbili za maziwa na mayai mawili juu ya milo yake ya kawaida vinatosha kuanzia, mradi achuchumae na chuma kizito mabegani, marudio matano kwa seti, akipumzika dakika tatu.

Kila baada ya wiki mbili apimwe mbio za mita 30, akiwa hajachoka. Uzito ukipanda na muda usibadilike, aendelee. Muda ukirefuka mara mbili mfululizo, apunguze maziwa, si mazoezi ya kasi.